Karatasi Kabla ya Picha: Namna ya Kuzipanga Picha za Ngitili

Ngitili, kama Wasukuma wanavyoiita, ni eneo la malisho linalofungwa kwa mifugo mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na visiki vikachipua, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza, wakati malisho ya kwingine yamekwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika zaidi kwa kifupisho cha HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani hazikuzidi sana hekta 600, na hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni kwamba mradi ulipofungwa mwaka 2004 eneo hilo lilikuwa limepita hekta 300,000. Badiliko kubwa namna hiyo huelezwa kwa maneno mara moja na kwa picha mara kumi, na ndiyo maana kamati za mazingira za vijiji, wanafunzi wa misitu na waandishi wa habari wa Shinyanga na Geita hujikuta mara kwa mara na rundo la picha mezani na swali moja lisilokwepeka: kati ya ngitili hizi zinazoonekana pichani, ipi imerejea vizuri zaidi, ipi inafuata, na ipi iko nyuma kabisa?

Swali hilo linaonekana jepesi mpaka mtu anapojaribu kulijibu mara mbili. Akizipanga picha asubuhi, kisha akazichanganya na kuzipanga tena jioni, mpangilio wa pili kwa kawaida haulingani na wa kwanza, na akiulizwa sababu atatoa sababu nzuri kwa kila mpangilio. Kosa haliko machoni. Liko katika ukweli kwamba kila picha mbili zinapowekwa sambamba, tofauti iliyo wazi zaidi kati ya hizo mbili ndiyo inayogeuka kuwa kipimo. Picha ya kwanza na ya pili zikitofautiana kwa nyasi, zitapimwa kwa nyasi. Ya pili na ya tatu zikitofautiana kwa miti, zitapimwa kwa miti. Na ya tatu ikirudishwa kando ya kwanza, huenda ya kwanza ikaonekana mbaya kwa sababu ya visiki vilivyokatwa karibuni. Hapo mpangaji amesema kwamba ya kwanza inaishinda ya pili, ya pili inaishinda ya tatu, na ya tatu inaishinda ya kwanza, kwa hiyo ipi ikae juu inategemea ameanzia wapi. Mwanasaikolojia Amos Tversky alionyesha mwaka 1969 kwamba mduara wa namna hii hauwapati wazembe peke yao, kwani watu wenye akili timamu waliopewa waombaji wa chuo wa kuwalinganisha wawiliwawili, baadhi yao waliuingia vilevile, chaguo zilipopangwa kwa namna ya kuvutia jicho kwenye sifa tofauti.

Dawa inayojulikana ni kuandika vigezo na uzito wake kabla picha ya kwanza haijatazamwa. Kigezo ni sifa moja inayoweza kuonekana na kupimwa peke yake, bila kusubiri maoni juu ya sifa nyingine. Uzito ni namba inayosema kigezo hicho kihesabiwe mara ngapi kikilinganishwa na vingine. Lakini kabla ya vyote viwili lazima liandikwe kusudi, kwa sentensi moja, kwa sababu picha haina ubora wa jumla. Picha inayofaa jalada la kalenda si lazima ifae kuwaonyesha wafugaji wa kijiji jirani namna ngitili inavyorudi, na mpangaji asiyeandika kusudi atajikuta, bila kujua, ameipa nafasi ya kwanza picha yenye jua linalozama nyuma ya mbuyu. Katika mfano utakaofuatwa hapa kusudi ni hili: kuchagua ngitili ambazo wafugaji wa kijiji jirani watapelekwa kujifunza, kwa kuanzia na ile iliyorejea zaidi. Mfano wenyewe ni wa kubuni, wenye picha tano, ila mambo yanayoutatiza ni yale yale yanayoitatiza kazi halisi.

Jambo la kwanza kwenye karatasi si kigezo bali ni masharti ya kuingia, yaani mambo ambayo picha isipoyatimiza haipimwi kabisa, hata iwe nzuri kiasi gani. Shinyanga hupata mvua zake takribani kuanzia Novemba hadi Mei, na eneo lile lile linaloonekana kama shamba la mpunga mwezi Machi huonekana kama uwanja wa mpira mwezi Septemba. Kuilinganisha picha ya Machi na ya Septemba ni kulinganisha miezi, si ngitili. Sharti lisilo na ubishi ni kwamba picha zote zipigwe katika mwezi mmoja, na mwezi unaosema ukweli zaidi ni ule ulio kati ya kumalizika kwa mvua na kufunguliwa kwa ngitili, kama Juni, kwa kuwa nyasi zimeshakomaa na ng'ombe hawajaingia. Sharti la pili ni picha ipigwe kwa kusimama, kamera ikiwa usawa wa macho, bila kukuza kwa simu, na jua likiwa mgongoni mwa mpigaji, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa kuchuchumaa huzifanya nyasi za kifundo cha mguu zionekane za kifua.

Sharti la tatu ni la mahali, nalo lina mtego wa kiutawala unaostahili kutajwa. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Bukombe na Mbogwe zilitolewa Shinyanga na kuingizwa humo, na mwaka huo huo Maswa, Meatu na Bariadi zikawa sehemu ya mkoa mpya wa Simiyu. Albamu za zamani za mradi, kwa hiyo, huandika "Shinyanga" chini ya picha za nchi tofauti kabisa: Kishapu yenye udongo mweusi wa mbuga na mvua haba, na Bukombe yenye misitu ya miombo na mvua nyingi zaidi. Ngitili ya Bukombe ikiwekwa rundo moja na ya Kishapu itashinda kwa sababu ya mawingu, wala si kwa sababu ya jitihada za wanakijiji. Picha hizo zinapaswa kugawanywa katika makundi mawili na kila kundi kupangwa peke yake, na anayedai orodha moja ya mkoa mzima wa zamani anapaswa kuambiwa kwamba orodha hiyo haina maana.

Masharti yakishaandikwa, ndipo vigezo vinaposhuka. Katika mfano huu viko vinne: kufunikwa kwa ardhi, machipukizi ya miti, dalili za uharibifu, na matabaka ya mimea. Vinne vinatosha, na pengine vitatu vingetosha, kwa sababu kila kigezo kinachoongezwa huleta kazi ya kupima na hupunguza nguvu ya vile vilivyo muhimu. Kuna kigezo cha tano ambacho karibu kila mtu hukitaja mapema, nacho ni ukijani, na hicho kimeachwa kwa makusudi. Sababu moja ni kwamba ardhi iliyofunikwa kwa nyasi na ardhi ya kijani ni jambo lile lile likitajwa kwa majina mawili, kwa hiyo kuviweka vyote viwili ni kukihesabu kigezo kimoja mara mbili kwa mlango wa nyuma. Sababu ya pili inawahusu wafugaji zaidi: kichaka kilichosongamana, kisichopitika na ng'ombe wala kuota nyasi chini yake, ni cha kijani pia, na mfugaji akiona picha yake hatasema kwamba malisho yamerejea.

Kila kigezo sharti kiwe na ngazi zilizoelezwa kwa maneno, na hapa ndipo kazi nyingi ya karatasi ilipo. Kuandika tu kwamba ardhi iliyofunikwa ipimwe kuanzia 0 hadi 4 ni kumwachia kila mpimaji avumbue 3 yake mwenyewe, na hiyo 3 itapanda na kushuka kwa kadiri ya picha iliyotangulia. Badala yake karatasi inasema: 0 ni pale ardhi tupu inapozidi robo tatu ya eneo linalopimwa, 1 ni pale inapokuwa kati ya nusu na robo tatu, 2, kati ya robo na nusu, 3, chini ya robo, na 4 ni pale ambapo hakuna udongo unaoonekana isipokuwa njia ya miguu. Ili neno "robo" lisibaki kuwa la kukisia, huchukuliwa karatasi ya plastiki angavu, ikachorwa miraba 20 iliyo sawa, ikalazwa juu ya picha iliyochapishwa, kisha ikahesabiwa miraba ambamo udongo unachukua zaidi ya nusu ya mraba. Miraba mitano ni robo, kumi ni nusu, na hesabu hiyo haichukui dakika mbili kwa picha moja.

Miraba hiyo, hata hivyo, hailazwi kwenye picha nzima. Anga huachwa, na huachwa pia nusu ya mbali ya ardhi inayoonekana, kwa sababu kadiri jicho linavyotazama mbali ndivyo linavyozitazama nyasi kwa ubavu, na nyasi chache zilizosimama mbalimbali huufunika udongo ulio kati yake kama watu walio kwenye foleni wanavyofunikana. Mtu aliyewahi kutembea kuelekea sehemu iliyoonekana kuwa na nyasi nzito kutoka barabarani, akaikuta ni vipara vitupu alipofika, anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Eneo la kupimwa, basi, ni lile la mbele ya mpigaji, nusu ya chini ya ardhi iliyomo pichani, na sentensi hiyo lazima iandikwe kwenye karatasi, la sivyo wapimaji wawili watapima maeneo mawili.

Kigezo cha machipukizi huhesabu miche michanga na visiki vinavyochipua upya, yaani ile njia ambayo mkoani Dodoma imeenea kwa jina la Kisiki Hai, na ngazi zake zinaweza kuwa za hesabu ya kawaida: hakuna hata kimoja kinachoonekana, kimoja hadi viwili, vitatu hadi vitano, sita hadi kumi, zaidi ya kumi. Kigezo cha matabaka huuliza kama nyasi, vichaka na miti mikubwa vyote vipo. Kigezo cha uharibifu ndicho kinachohitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni mwelekeo: kwa kuwa alama za vigezo vyote zitajumlishwa, 4 lazima iwe na maana ya hali njema kila mahali, kwa hiyo hapa 4 ni pasipo dalili yoyote na 0 ni pale penye visiki vibichi pamoja na tanuri la mkaa. Kosa la kugeuza mwelekeo huu ni la kawaida kuliko linavyodhaniwa, na hutambulika jumla zinapotoka na ngitili iliyoharibika zaidi ikakaa juu. Tahadhari ya pili ni kuandika ni nini kisichohesabiwa kuwa uharibifu. Nyayo za ng'ombe ndani ya ngitili iliyokwisha kufunguliwa ni matumizi halali, kwa maana ngitili hufungwa ili baadaye ifunguliwe, na mpimaji mgeni asiyelijua hilo atawaadhibu wanakijiji kwa kufuata utaratibu wao wenyewe.

Baada ya ngazi huja uzito, na swali linaloulizwa mara nyingi, kwamba kigezo kipi ni muhimu zaidi, ndilo swali lisilofaa. Umuhimu bila masafa ya ngazi hauna jibu. Swali linalojibika ni hili: ikiwa ipo ngitili yenye 0 katika kila kigezo, na inaruhusiwa kupandishwa hadi 4 katika kigezo kimoja tu, je, kipandishwe kipi kwanza? Mfugaji akijibu kwamba angeitoa ardhi kwenye utupu wa robo tatu na kuifikisha kwenye kufunikwa kabisa, kigezo hicho ndicho chenye uzito mkubwa. Kisha huulizwa kipi cha pili, na hatua hiyo ya pili ina thamani ya kiasi gani ikilinganishwa na ya kwanza. Kwa njia hiyo mfano huu umepata uzito wa 4 kwa ardhi iliyofunikwa, 3 kwa machipukizi, 2 kwa uharibifu na 1 kwa matabaka, jumla 10. Mama anayetafuta kuni angeweza kutoa uzito tofauti, na haki yake kufanya hivyo ni sawa na ya mfugaji. Lililo muhimu ni kwamba mabishano hayo yafanyike wakati ambapo hakuna anayejua yatamnufaisha nani, kwa sababu picha zikishaonekana, kila mjumbe ataupigania uzito unaoipandisha ngitili ya kitongoji chake. Usukumani kuna dagashida, mkutano wa jadi ambao kanuni za ngitili zimekuwa zikizungumzwa humo, na mahali pa namna hiyo panafaa zaidi kuliko meza ya mtu mmoja mwenye kompyuta.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu wake. Picha hupewa herufi badala ya majina ya vijiji, huchanganywa, na hupimwa kigezo baada ya kigezo: zote tano kwa ardhi iliyofunikwa, kisha zichanganywe upya na zote tano zipimwe kwa machipukizi, na kuendelea hivyo. Mtu akiimaliza picha moja kwa vigezo vyote kabla ya kwenda ya pili, alama nzuri ya kwanza huzivuta nyingine zote. Edward Thorndike aliliona jambo hilo mwaka 1920 katika alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari wao, ambapo aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa pia kwa akili na tabia, kwa ulinganifu uliozidi kiasi cha kuaminika. Ngitili yenye mgunga mkubwa wa kupendeza hupata upendeleo wa aina hiyo hiyo.

Ichukuliwe sasa kwamba kazi imekwisha. Picha E imepata 3 kwa ardhi iliyofunikwa, 3 kwa machipukizi, 3 kwa uharibifu na 2 kwa matabaka. Kila alama huzidishwa kwa uzito wake: 3 mara 4 ni 12, 3 mara 3 ni 9, 3 mara 2 ni 6, na 2 mara 1 ni 2, jumla 29 kati ya 40 zinazowezekana. Kwa hesabu hiyo hiyo picha B, yenye machipukizi tele lakini udongo mwingi ulio wazi, imepata 27. Picha C, ambayo nyasi zake zimefunika ardhi yote ila machipukizi yake ni haba, imepata 26. Picha A, safi isiyo na dalili za kukatwa lakini yenye machipukizi machache, imepata 25. Na picha D imepata 16. Picha D ina mbuyu na anga la rangi ya chungwa, na kama isingekuwepo karatasi, bila shaka ingekuwa juu kabisa. Matabaka yake ni kamili na yamepata 4, lakini matabaka yana uzito wa 1, na chini ya mbuyu huo ardhi iko wazi zaidi ya nusu.

Mpangilio wa E, B, C, A, D una sura ya uhakika ambao haunao. Kati ya B na A kuna alama mbili tu, na alama moja ya ngazi ya ardhi iliyofunikwa ina thamani ya alama nne katika jumla, maana yake mpimaji akikosea ngazi moja tu, B, C na A huweza kubadilishana viti. Njia ya kulijua hilo ni kuutikisa uzito. Ardhi iliyofunikwa ikipunguzwa iwe 3 na machipukizi yakaongezwa yawe 4, B inapanda na kulingana na E kwa alama 29, huku A na C zikishuka hadi 23. Ikifanywa kinyume, ardhi ikapewa 5 na machipukizi 2, ni C inayolingana na E kwa alama 29, A inafuata kwa 27, na B inaanguka hadi 25. Kinachosimama katika hali zote tatu ni kwamba hakuna picha inayoipita E na kwamba D ni ya mwisho. Taarifa ya kweli kwa kamati, kwa hiyo, ina ngazi tatu tu: E kwanza, kisha B, C na A bila kutenganishwa, kisha D. Kamati nyingi hazipendi jibu hilo, kwa kuwa cheti cha mshindi wa pili huhitaji jina moja, lakini karatasi haiwezi kutoa zaidi ya kilichomo pichani.

Kujumlisha alama kuna upungufu mwingine, ambao ukanda wa dhahabu wa Geita unauonyesha wazi kuliko ngitili. Ichukuliwe kwamba picha za kupangwa si za malisho bali ni za maduara yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, yaani mashimo ya wima yanayochimbwa kuufuata mwamba wenye dhahabu, na kusudi ni kuamua yapi yafukiwe kwanza. Vigezo vyaweza kuwa nyufa kwenye ukingo, kuoza kwa matimba, yaani nguzo zinazoshikilia kuta, maji yaliyotuama ndani, na umbali kutoka njia ya watu. Kwa kujumlisha, duara lililo hatua tatu kutoka njia ya kwenda shule, ukingo wake ukiwa mzima, matimba yake imara na maji hakuna, linaweza kushindwa na duara lililobomoka vibaya katikati ya pori ambako hapiti mtu. Hapo alama nzuri za vigezo vitatu zimeificha mbaya ya kimoja, jambo ambalo katika ngitili linavumilika lakini hapa halivumiliki. Karatasi ya maduara, basi, huandikwa na kanuni ya kizuizi kabla ya hesabu yoyote: duara lolote lililo wazi, lisilo na uzio, likiwa ndani ya umbali uliotajwa kutoka njia au nyumba, huenda juu ya orodha bila kujali jumla, na hesabu ya uzito hutumika kuyapanga yaliyobaki. Zaidi ya hayo, picha haionyeshi kina, wala ukubwa wa mdomo wa shimo haujulikani mpaka kitu chenye kipimo kinachofahamika kiwekwe kando yake. Ndoo ya lita 20 inatosha, ikisukumwa kwa mti mrefu kutoka mbali, kwani kumsimamisha mtu ukingoni ili awe kipimo ni kulijaribu lile lile linaloogopwa.

Wapimaji wawili wakifanya kazi mbalimbali bila kuonyeshana, alama zao zitatofautiana, na tofauti ya ngazi moja ni ya kawaida. Tofauti ya ngazi mbili katika kigezo kimoja ni dalili kwamba maneno ya ngazi hayaeleweki sawasawa, na linalojadiliwa hapo ni sentensi, si picha. Mathalani, mmoja amelihesabu jani kavu lililoanguka kuwa ni kifuniko cha ardhi, na mwingine amelihesabu kuwa ni udongo. Wote wawili wana hoja, kwa kuwa majani makavu huuzuia udongo usichukuliwe na mvua lakini hayaliwi na ng'ombe, na jibu linategemea kusudi lililoandikwa juu ya karatasi. Sentensi ikisharekebishwa, picha zote hupimwa upya katika kigezo hicho tangu ya kwanza, hata zile ambazo hazikuleta ubishi, na karatasi mpya hupewa tarehe yake. Kurekebisha sentensi kisha kuipima upya ile picha moja iliyogombaniwa ni kurudi kwenye kupanga kwa jicho.

Karatasi hutumika tena mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata wapimaji si wale wale, au ni wale wale lakini wamezoea mambo mengine. Kwa sababu hiyo picha mbili za mwaka uliopita, moja ya alama za juu na moja ya alama za chini, huingizwa kimyakimya katika rundo jipya, zikiwa na herufi mpya na bila wapimaji kuambiwa. Zikirudi na alama zile zile, picha za miaka miwili zaweza kuwekwa katika jedwali moja. Zikirudi zote mbili zikiwa juu kwa ngazi moja, ngitili hazijasogea, ila macho ndiyo yamelegea, na jedwali la mwaka huo husubiri mpaka ijulikane ni kigezo gani kilicholegea.